Dola Hazijauzwa, Hasara Imetoka Wapi?

Swali hili nimeulizwa Litein, nikaulizwa Sotik, nikaulizwa tena Konoin nikiwa nimesimama kando ya barabara nangoja gari la kunirudisha Kericho mjini. Anayeuliza huwa ni mwenyekiti au mkurugenzi wa kampuni ya chai ya wakulima, mtu mwenye akili zake timamu, aliyelea majani na watoto kwa hesabu zisizokosea. Anafungua hesabu za mwaka, anaweka kidole juu ya mstari mmoja, ananitazama. "Bwana mkaguzi, hizi dola ziko benki. Hakuna aliyezigusa. Hasara imetoka wapi?"

Nikianza kujibu, mara nyingi mhasibu wa kampuni hunikatiza kwa jibu lake ambalo ndilo linaloniudhi kuliko swali lenyewe. Humwambia mzee asiwe na wasiwasi, hiyo ni hasara ya karatasi tu, na kama hapendi kuiona inaweza kuondolewa: dola ziachwe kwenye vitabu kwa kiwango kilekile zilichopokelewa nacho, hadi siku zitakapouzwa. Mzee anatulia. Wajumbe wanatikisa vichwa. Na hesabu ya uongo inakuwa imepata watetezi kumi na wawili.

Makala haya nayaandika kwa sababu ya jibu hilo.

Nianze na mambo yaliyotokea, kwa kuwa wengi wetu tuliyapitia bila kuyafuatisha hadi kwenye leja. Chai yetu huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa, na mauzo ya moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje nayo ni ya dola. Majani mabichi, mishahara, kuni za kukaushia na umeme tunalipa kwa shilingi. Mwisho wa Juni 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 118 kwa kiwango cha wastani cha Benki Kuu ya Kenya. Mwisho wa Juni 2023 ilikuwa imefika karibu 140.50. Januari 2024 ikapita 160. Kisha Februari mwaka huohuo serikali ikatoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ikayeyuka, na shilingi ikapanda kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Mwisho wa Juni 2024, siku ambayo viwanda vingi vya chai hufunga mwaka wa hesabu, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129.50.

Kwa hiyo mtu aliyeweka dola benki Januari na kuzikuta zote Juni alikuwa nazo kwa idadi ileile, ila kila moja ilikuwa imepungukiwa na shilingi zaidi ya thelathini. Hasara ilitoka hapo. Wala haikuhitaji mtu kuuza kitu.

Sasa tulitazame dai la hasara ya karatasi. Chukua viwanda viwili jirani, kila kimoja kina dola 50,000 benki. Ijumaa ya tarehe 28 Juni 2024, kiwanda cha kwanza kinauza dola zake zote kwa 129.50. Jumatatu kinazinunua tena kwa bei hiyohiyo (tuache kando ada ya benki). Kiwanda cha pili hakikufanya lolote. Jumatatu jioni vyote viwili vina dola 50,000, na vinaweza kulipa wakulima kiasi kilekile cha shilingi. Kwa hoja ya hasara ya karatasi, kiwanda cha kwanza kimepata hasara ya kweli na cha pili hakijapata hasara yoyote. Mkulima anayeleta majani kwenye kiwanda cha pili aambiwe kwamba kampuni yake ni tajiri kuliko ya jirani, ilhali pesa zilizoko benki ni sawasawa hadi senti ya mwisho? Hoja inayozaa jawabu kama hilo haifai.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisahau upesi. Mwaka ulioishia Juni 2023, dola ilipopanda kutoka 118 hadi 140.50, makampuni hayahaya yalikuwa na dola zilezile ambazo hazikuuzwa, na hesabu zikaonyesha faida ya ubadilishaji wa fedha. Sikumsikia mkurugenzi hata mmoja akiniuliza faida hiyo imetoka wapi ilhali dola haziko sokoni. Hakuna aliyeiita faida ya karatasi. Kama mizani inapima sawa shilingi ikianguka, inapima sawa pia shilingi ikisimama.

Lakini hoja hizi mbili ni za maneno, na maneno yanaweza kujibiwa kwa maneno. Hoja ya tatu iko kwenye leja, na nitaifuata mstari kwa mstari, kwa mfano uliotokana na kazi ya aina hii ninayoifanya kila mwaka. Tarakimu nimezifanya nyepesi ili zishikike kichwani. Viwango vya dola vinakaribiana sana na vile vya siku zenyewe.

Ni kampuni ndogo ya wakulima, inatengeneza chai ya kusokotwa kwa ajili ya wanunuzi wa nje. Ilianza mwaka tarehe 1 Julai 2023 ikiwa na dola 40,000 benki, zilizoandikwa kwa 140.50, yaani shilingi 5,620,000. Oktoba ikalipwa dola 60,000 na mnunuzi, na siku hiyo dola ilikuwa 149: shilingi 8,940,000. Mwishoni mwa Januari zikaingia nyingine 30,000 kwa 160: shilingi 4,800,000. Kufikia hapo leja ilikuwa na dola 130,000 na shilingi 19,360,000. Hakuna kosa.

Aprili 2024 kampuni ilihitaji shilingi za kulipia majani na mishahara. Ikauza dola 80,000. Shilingi ilikuwa imeshapanda, na benki ilitoa 131 kwa kila dola, zikapatikana shilingi 10,480,000. Karani akaandika kilichotokea: dola 80,000 zimetoka, shilingi 10,480,000 zimetoka. Baada ya hapo hazikuingia wala kutoka dola nyingine hadi mwaka ulipofungwa.

Mimi na mhasibu wao tulikaa na leja hiyo mezani, mvua ya alasiri ikipiga mabati hadi ikabidi tupaze sauti. Taarifa ya benki ilisema dola 50,000. Leja ilisema dola 50,000, nayo safu ya shilingi ilisema 8,880,000. Mhasibu alikuwa ameridhika, kwani dola zimelingana na benki. Nilimwomba achukue kikokotoo agawanye shilingi kwa dola.

Akapata 177.60.

Nikamuuliza ni lini dola moja iliwahi kuwa shilingi 177.60. Alinyamaza. Haijawahi. Hata katika zile siku mbaya za Januari 2024, kiwango cha Benki Kuu hakikukaribia hapo. Lakini leja yake ilikuwa ikidai kwamba kila dola iliyobaki benki ina thamani hiyo, na yeye alikuwa tayari kuwawekea wakurugenzi wasaini.

Namba hiyo ilitoka wapi? Dola ziliingia kwa bei ya juu na nyingine zikatoka kwa bei ya chini. Shilingi ambazo zilikuwa zimepotea katika mauzo ya Aprili hazikuandikwa popote kuwa hasara, kwa hiyo zikabaki ndani ya leja, zikajibandika kwenye dola zilizosalia. Huu ndio uharibifu hasa wa kanuni ya kuacha dola kwa kiwango zilichopokelewa. Watu hudhani inaahirisha hasara ya dola ambazo hazijauzwa. Kumbe inaficha hata hasara ya zile ambazo zilikwisha kuuzwa, pesa zake zikalipwa, zikaliwa.

Kuirekebisha ni kazi ya dakika moja. Dola 50,000 zilizoko benki zidisha kwa kiwango cha siku ya kufunga mwaka, 129.50, unapata shilingi 6,475,000. Leja inasema 8,880,000. Tofauti ni 2,405,000. Punguza akaunti ya dola kwa kiasi hicho, na kiasi hichohicho kiandike kwenye faida na hasara ya mwaka kuwa hasara ya ubadilishaji wa fedha. Dola hazijaguswa, zinabaki 50,000, na safu ya shilingi sasa inasema ukweli.

Ukitaka kujua ipi ni ya dola zilizouzwa na ipi ni ya zilizobaki, nalo linawezekana. Dola 130,000 ziliingia kwa wastani wa shilingi 148.92 kila moja. Zile 80,000 za Aprili kwa wastani huo ziligharimu takriban shilingi 11,914,000, zikauzwa 10,480,000: hasara ya karibu 1,434,000 imeshatokea kabisa, hakuna wa kuibishia. Iliyobaki, karibu 971,000, ndiyo ya dola ambazo bado ziko benki. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya kile kilichoitwa hasara ya karatasi kilikuwa hasara ya kuuza, na kampuni haikujua.

Naomba msomaji akumbuke mgawanyo huo, kwa sababu kodi itauhitaji.

Kampuni hiyo pia ilikuwa na mkopo, na hapo ndipo hoja ya hasara ya karatasi hujipinda na kujiuma mkia. Mwishoni mwa Januari 2024 ilikopa benki dola 200,000 kununua mashine za kusokota na kukausha kutoka India. Siku ya mkopo dola ilikuwa 160, kwa hiyo leja ikaandika deni la shilingi 32,000,000 na mashine za shilingi 32,000,000. Mkataba uliwapa muda wa kupumua kabla ya kuanza kulipa, hivyo kufikia Juni deni la msingi lilikuwa bado dola 200,000 kamili.

Kwa 129.50, deni hilo ni shilingi 25,900,000. Vitabu vya mhasibu, vikifuata falsafa ya kutogusa kitu, viliendelea kusema 32,000,000. Wakulima walikuwa wakionyeshwa deni lenye shilingi 6,100,000 ambazo hawadaiwi na mtu yeyote. Nilipomwambia mwenyekiti hivyo, uso wake ulibadilika. "Kwa hiyo tumepata faida?" Ndiyo, Mzee, mwaka huu kuna faida ya milioni 6.1 upande wa mkopo na hasara ya milioni 2.4 upande wa benki. Ukikubali moja, umekubali zote mbili. Anayeitaka faida ya mkopo iandikwe na hasara ya benki iachwe, huyo anatafuta hesabu ya kumpendeza.

Mhasibu, na hapa nakiri subira yangu ilikuwa imekaribia ukingoni, akapendekeza kwamba basi hizo milioni 6.1 zipunguzwe kwenye bei ya mashine, kwa kuwa mkopo ndio ulionunua mashine. Hapana. Mashine zilinunuliwa siku ambayo dola ilikuwa 160 na bei yake kwa kampuni ni milioni 32. Hazidaiwi dola wala hazitalipwa kwa dola tena. Deni ndilo linalodaiwa dola. Zamani, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, kile cha IAS 21, kiliruhusu katika hali finyu sana za kuporomoka kwa sarafu kwamba tofauti kama hiyo iongezwe kwenye gharama ya mali. Ruhusa hiyo ilifutwa katika marekebisho ya mwaka 2003. Bado nakutana na watu waliosomea vitabu vya kabla ya hapo.

Kanuni ya kutenganisha vinavyokadiriwa upya na visivyokadiriwa ni rahisi. Jiulize: je, kitu hiki kitageuka kuwa idadi maalum ya dola, ya kupokea au ya kulipa? Salio la benki, amana ya muda, deni la mnunuzi ambaye hajalipa, deni la muuzaji wa vipuri, mkopo, na riba iliyoiva lakini haijalipwa, vyote jibu ni ndiyo, na vyote vinakadiriwa upya kwa kiwango cha kufunga mwaka. Mashine, jengo, chai iliyoko ghalani, na malipo ya awali uliyompa mtengeneza mashine ambaye atakuletea mashine badala ya kukurudishia dola, jibu ni hapana, na vinabaki kwa kiwango cha siku vilipoandikwa. Riba iliyoiva ndiyo husahaulika kuliko vyote, kwa vile benki huwa haijaikata bado.

Kabla sijaenda kwenye hatua za kufunga mwaka, niondoe mkanganyiko mmoja ambao umeleta ugomvi mkubwa hapa kwetu. Mwaka 2025, bonasi iliposhuka na wakulima wa Kericho na Bomet wakapandwa na hasira, mojawapo ya sababu zilizotolewa na KTDA ilikuwa kuimarika kwa shilingi. Nimesikia wakulima, na nimesikia pia watu wenye vyeo, wakieleza kwamba pesa zao zimepotea katika kukadiriwa upya kwa dola mwisho wa mwaka. Hilo si kweli, na yeyote anaweza kulipima. Juni 2024 dola ilifunga karibu 129.50. Juni 2025 ilifunga karibu 129.20. Tofauti ni senti thelathini. Kiwanda chenye dola milioni nzima benki mwaka mzima kingepoteza kwa njia hiyo shilingi laki tatu, kiasi kisichoweza kuhisiwa na mkulima kwenye kilo ya majani.

Kilichobadilika ni mauzo yenyewe. Mwaka wa 2023/24 chai iliyouzwa kati ya Oktoba na Februari iligeuzwa kuwa shilingi kwa 149, kwa 155, kwa 160. Mwaka uliofuata kila dola ya mauzo iligeuzwa kwa takriban 129, kuanzia Julai hadi Juni. Hiyo ni tofauti ya pato la mauzo, inaonekana juu kabisa kwenye hesabu, na haihusiani na zoezi la siku ya mwisho. Mkulima anayetaka kuuliza maswali magumu aanzie hapo: bei ya mnada kwa dola, kiwango ambacho dola za mauzo ziligeuzwa nacho na siku zilipogeuzwa, kisha gharama za kiwanda. Akiulizia ukadiriaji wa mwisho wa mwaka atapewa jibu sahihi kwa swali lisilomsaidia.

Sasa hatua, kwa haraka.

Kiwango. Tumia kile cha siku ya kufunga mwaka. Si wastani wa Juni, si wastani wa mwaka, si kile unachotarajia bonasi itakapolipwa. Wengi wetu hutumia kiwango cha wastani kinachotangazwa na Benki Kuu kila siku ya kazi. Tarehe 30 Juni 2024 ilikuwa Jumapili, kwa hiyo kilichotumika ni cha Ijumaa tarehe 28. Chagua chanzo kimoja na ukifuate mwaka hadi mwaka. Anayerukia kiwango cha benki yake mwaka huu kwa sababu kinampa sura nzuri, mkaguzi atamuuliza.

Mpangilio. Kwanza linganisha dola za leja na dola za taarifa ya benki, na dola za mkopo na barua ya uthibitisho ya benki, riba ikiwemo. Usikadirie upya salio ambalo dola zake zenyewe hazijalingana. Utaficha kosa la uandishi ndani ya hasara ya ubadilishaji, na hutalipata tena. Dola zikishalingana ndipo uzidishe.

Mwaka unaofuata. Salio lililokadiriwa ndilo la kuanzia. Mkopo wa kampuni yetu ulianza Julai 2024 ukiwa shilingi 25,900,000. Usiurudishe kwenye milioni 32.

Kodi. Hapa kuna pesa halisi za kupoteza. Kifungu cha 4A cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinahesabu faida au hasara ya ubadilishaji katika mwaka ambao imepatikana kweli, yaani deni limelipwa au dola zimeuzwa. Ile faida ya milioni 6.1 ya mkopo haikutozwa kodi mwaka wa 2024, kwa kuwa hakuna dola iliyolipwa. Mhasibu aiondoe anapokokotoa kodi, na kwenye hesabu atenge kodi ya baadaye ya asilimia 30, shilingi 1,830,000, kwa sababu siku yake itafika. Hasara ya dola zilizouzwa Aprili, ile ya karibu 1,434,000, inapunguza kodi mwaka huohuo. Ile ya 971,000 inangoja. Wakopaji ambao riba yao imebanwa na sheria, hasa wanaokopa kwa watu wenye uhusiano nao wa nje, wana masharti ya ziada juu ya hasara zao, na hao wamwone mshauri wa kodi.

Kwa hiyo unahitaji daftari la pili la mkopo, lenye kiwango cha siku ya kukopa. Desemba 2024 kampuni ililipa dola 20,000 za msingi, dola ikiwa 129.30, yaani shilingi 2,586,000. Kwenye vitabu vya kawaida kipande hicho cha deni kilikuwa 2,590,000, faida ni shilingi 4,000. Kwa kodi, kilikopwa kwa 160, yaani 3,200,000, na faida iliyopatikana ni 614,000. Asiyeweka daftari hilo atatangaza 4,000, na miaka mitatu baadaye KRA watakuja na 614,000 kwa kila awamu, pamoja na adhabu na riba.

Bonasi. Usigawe faida ya mkopo ambayo haijapatikana. Milioni 6.1 za kampuni yetu hazikuwa benki. Zilikuwa upungufu wa deni la miaka ijayo. Wakurugenzi wawili walitaka ziongezwe kwenye malipo ya majani. Wangelazimika kukopa ili kugawa faida.

Amana ya muda. Kuna ushauri unaozunguka kwamba dola zikifungiwa kwenye amana ya miezi sita au kumi na mbili hazikadiriwi upya hadi ziive. Ni uongo. Amana ya dola ni dola. Kufungia kunakuondolea tu uwezo wa kuziuza shilingi inapogeuka.

Sarafu ya vitabu. Wengine husema basi tuweke hesabu zote kwa dola kwa vile tunauza kwa dola. Sarafu hiyo haichaguliwi kwa kupenda. Inatokana na mazingira ya biashara yenyewe, na kampuni inayolipa majani, mishahara, kuni na umeme kwa shilingi itapata shida kumshawishi mkaguzi kwamba maisha yake ni ya dola.

Kujikinga. Mwenye mapato ya dola akikopa dola, kushuka kwa dola kunampunguzia mapato na kumpunguzia deni kwa wakati mmoja, na hiyo ni kinga nzuri kuliko nyingi. Asiye na mapato ya dola asikope dola, hata riba yake ikionekana ndogo. Na dola ambazo unajua zitahitajika kulipia majani mwezi ujao ziuze kwa awamu zinavyoingia. Kampuni ya mfano wetu ilizishikilia zile 30,000 za Januari kwa sababu mtu fulani alisema dola inakwenda 180.

Nawaomba wakurugenzi wa makampuni ya chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, kabla ya kusaini hesabu za mwaka huu waombe leja ya akaunti ya dola na leja ya mkopo. Gawanyeni safu ya shilingi kwa safu ya dola. Jibu lisipokuwa kiwango cha siku ya kufunga mwaka, msisaini. Rudisheni kazi kwa mhasibu siku hiyohiyo.